Pointi 22 si alama 22: namna ya kusoma ripoti ya kidato cha nne

Shule zikifungwa, wazazi wengi hapa Dodoma huikimbilia nafasi kwanza. Mzee mmoja, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alinijia na ripoti ya binti yake wa kidato cha nne akiwa ameshakasirika. "Mwalimu, huyu alikuwa wa 12, sasa wa 19. Na hii 22 ni kwa mia?"

Nilimwambia, mzee, tuanze na masomo. Kidato cha nne A ni alama 75 kwenda juu, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Kisha kila herufi inageuzwa pointi: A moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Kwa hiyo pointi zikiwa chache ndiyo vizuri, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya.

Binti alikuwa na Kiswahili 68, Uraia 55, Historia 52, Jiografia 47, Biolojia 46, Kiingereza 44, Kemia 31, Fizikia 22 na Hisabati 18. Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: B moja, C nne na D mbili, yaani 2, 12 na 8. Jumla 22. Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Huyu yuko ya tatu, lakini angepata Kiingereza 45 badala ya 44, angekuwa ya pili. Alama moja tu!

Upande wa pili, F za Fizikia na Hisabati hazikuingia kwenye hesabu hiyo kabisa. Mzazi anayetazama divisheni peke yake hatajua kwamba zipo.

Na nafasi? Muhula uliotangulia wastani wake ulikuwa 39, sasa ni 42.6. Amepanda, ila wenzake wamepanda zaidi. Mimi nafasi huitazama mwisho, tena nikiwa na wastani wa mihula miwili mkononi.

Maoni yetu walimu, niseme ukweli, mengi ni ya kunakili. "Aongeze bidii" tunaliandika hata kwa wa kwanza. Lenye uzito ni lile linalotaja jambo. Kwa binti huyu mwalimu wa Hisabati aliandika "hakamilishi mazoezi", na sehemu ya mahudhurio ilikuwa haina shida. Maana yake darasani yupo, kazi ya nyumbani ndiyo haifanyiki. Nilimshauri mzee aombe madaftari ya Hisabati na Kiingereza, atazame tarehe za mazoezi yaliyosahihishwa, kisha aende kwa mwalimu wa somo badala ya kwangu.

Akauliza huyo wa Kiingereza anakaa ofisi ipi.