Maswali na majibu: bei imepungua, mali iko palepale

Shikamoo mwandishi. Nimefungua akaunti yangu asubuhi nimekuta bei ya hisa imeshuka kwa asilimia 90 usiku mmoja. Nimeibiwa? (Msomaji, Ngamiani)

Marahaba. Hujaibiwa. Angalia idadi ya hisa, siyo bei peke yake. Kampuni imegawanya kila hisa moja kuwa kumi, na tangazo lilitoka wiki kadhaa kabla. Pengine bei mpya imewahi kuingia kwenye mfumo wa dalali wako na idadi mpya bado, hivyo kwa siku moja mbili unaona bei ndogo mkabala na hisa zako za zamani, na jumla inatisha. Ikipita siku tatu idadi haijabadilika, mpigie dalali. Barua za aina hii napata kila kampuni yoyote inapogawanya hisa, nami kila mara nauliza lile lile: tangazo umelisoma?

Mimi nina hisa 1,000 za Tanga Cement. Wakigawanya moja kwa kumi si nitakuwa na hisa 10,000? Huo si utajiri? (Msomaji, Pongwe)

Hisa 10,000 utakuwa nazo. Utajiri hapana. Tuifanye hesabu kwa mfano tu, maana bei nitakayotumia ni ya kubuni.

Kampuni hiyo ina hisa zipatazo milioni 63.67. Tuseme kila moja inauzwa shilingi 2,000. Zidisha, utapata kama shilingi bilioni 127, na hiyo ndiyo thamani ambayo soko linaipa kampuni nzima. Sasa kata kila hisa mara kumi. Hisa zinakuwa milioni 636.7, na bei inashuka hadi shilingi 200. Zidisha tena, ni bilioni 127 zile zile. Wewe ulikuwa na hisa 1,000 za shilingi 2,000, yaani milioni mbili. Sasa una 10,000 za shilingi 200. Milioni mbili.

Ni kama kwenda kuchenji noti ya elfu kumi upate noti kumi za elfu moja.

Bei haishuki kwa sababu mtu kaishusha kwa hila. Tanuri la kiwanda ni lile lile, deni la benki ni lile lile, saruji inayotoka getini ni ile ile. Faida ya mwaka haikuongezeka hata senti, ila sasa inagawanywa kwa hisa mara kumi zaidi. Anayenunua hisa moja ananunua sehemu ya kumi ya alichokuwa akinunua jana, kwa hiyo analipa sehemu ya kumi ya bei. Gawio nalo linafuata mkondo huo huo. Kama ulikuwa unapata shilingi 100 kwa hisa, utapata 10, na jumla yako inabaki shilingi 100,000. Kura zako kwenye mkutano mkuu zinaongezeka mara kumi, na za kila mwenzio pia, kwa hiyo nguvu yako haisogei.

Na usichanganye jambo hili na hisa stahiki. Kwenye hisa stahiki kampuni inakuomba utoe fedha, na usipotoa fungu lako linapungua. Kwenye mgawanyo hakuna anayetoa hata shilingi. Barua ya kampuni ikikutaka ulipe, huo si mgawanyo.

Hatifungani ya Tanga UWASA nayo inaweza kugawanywa hivyo? (Msomaji, Muheza)

Hatifungani ni deni, siyo hisa. Umewakopesha mamlaka ya maji, nao wanakulipa riba na siku ya mwisho wanakurudishia mtaji wako. Sahau habari ya mgawanyo.

Nataka kuanza na hisa za CRDB kwa sababu ni rahisi kuliko za NMB. Ni uamuzi mzuri? (Msomaji, Chumbageni)

Uamuzi unaweza kuwa mzuri au mbaya, lakini sababu uliyoitoa haina maana yoyote, na nimeshaisema habari hii hadi nimechoka. Kwa miaka mingi NMB imekuwa na hisa milioni 500 wakati CRDB ina zaidi ya bilioni 2.6. Hata kama soko lingezipa benki hizo mbili thamani sawa kabisa, hisa moja ya CRDB ingeuzwa karibu sehemu ya tano ya bei ya hisa moja ya NMB. Urahisi hapo uko wapi? Umekatiwa kipande kidogo, ukalipa bei ya kipande kidogo.

Ukitaka kujua kama hisa ni ghali, chukua bei yake uigawe kwa faida ambayo kila hisa imepata kwa mwaka. Namba zote mbili zipo kwenye taarifa ya fedha. Jibu linakuambia unalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi moja ya faida, na mgawanyo wa hisa hauwezi kulibadilisha jibu hilo, kwa sababu unakata juu na chini kwa kiasi kile kile.

Sasa kama thamani haibadiliki, kampuni zinajisumbua kwa nini? (Msomaji, Korogwe)

Kwa sababu ya mnunuzi mdogo. Hisa ikipanda sana, mwenye vijisenti anashindwa kuingia, wauzaji na wanunuzi wanapungua, na siku ukitaka kuuza unakaa unasubiri. Wenzetu wa Kenya walifanya hivyo. KCB iligawanya moja kwa kumi mwaka 2007, Equity ikafanya hivyo hivyo mwaka 2009, na hisa za Equity zikatoka kama milioni 370 hadi bilioni 3.7. Thamani iliyoandikwa kwenye hisa yenyewe ikashuka kutoka shilingi 5 za Kenya hadi senti 50.

Lakini halazimishwi mtu. Hisa za daraja la kwanza za Berkshire Hathaway ya Marekani hazijawahi kugawanywa, na moja inauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Utasikia pia kwamba bei hupanda baada ya mgawanyo. Wakati mwingine hupanda kidogo, kwa kuwa wanunuzi wapya wameingia. Ila kumbuka ni kampuni gani hugawanya hisa: ile ambayo bei yake tayari ilikuwa inapaa kwa sababu biashara inakwenda vizuri. Mgawanyo umekuja nyuma ya mafanikio, haukuyaleta.

Naangalia grafu ya Citigroup kwenye simu. Inaonyesha mwaka 2007 hisa ilikuwa zaidi ya dola 500. Kumbe ilikuwa kampuni ya bei hivyo? (Msomaji, Raskazone)

Swali zuri kuliko yote ya wiki hii. Hapana, hakuna aliyenunua hisa ya Citigroup kwa dola 500 mwaka ule. Mwanzoni mwa 2007 iliuzwa dola hamsini na kitu. Grafu yako imezidisha bei zote za zamani kwa kumi, na imefanya hivyo kwa sababu ya haki.

Mgogoro wa fedha wa 2008 uliipiga benki hiyo vibaya. Ilihitaji mtaji, serikali ya Marekani ikaingia, na hisa mpya zikatolewa kwa wingi. Kabla ya mgogoro kulikuwa na hisa karibu bilioni 5. Baada yake zikawa kama bilioni 29. Machi 2009 bei iliteleza hadi chini ya dola moja.

Ijumaa ya Mei 6, 2011 hisa ilifunga kwenye dola 4.52. Jumatatu ya Mei 9 kila hisa kumi ziliunganishwa kuwa moja. Bilioni 29 zikawa bilioni 2.9, na bei ikaanza siku kwenye dola 45 hivi. Ukizidisha Ijumaa unapata kama dola bilioni 131, na ukizidisha Jumatatu asubuhi ni hizo hizo. Siku hiyo ilifunga ikiwa imeshuka kidogo.

Sasa mtazame mtu aliyenunua hisa 100 mwaka 2007 kwa dola 50, akatoa dola 5,000, kisha akalala. Anaamka Mei 2011 anaona bei ni dola 45 na kusema, kumbe nimepoteza dola tano tu. Hesabu zake zimempotosha. Hisa zake 100 zimekuwa 10, na 10 mara 45 ni dola 450. Grafu inazidisha bei ya zamani kwa kumi ili asidanganyike hivyo: dola 500 za zamani kwa 45 za sasa, hasara ya asilimia 91.

Muunganisho wenyewe haukumla hata senti. Aliyeliwa aliliwa kabla yake, benki ilipopata hasara na hisa mpya zilipomwagwa. Hisa 100 katika bilioni 5 ni fungu fulani la benki. Hisa 10 katika bilioni 2.9 ni karibu sehemu ya sita tu ya fungu hilo. Kwa hiyo ukiambiwa kampuni inaunganisha hisa, usibishane na hesabu ya muunganisho. Uliza hisa mpya ngapi zimetolewa miaka ya karibuni na ngapi zinakuja.

Hilo la mwisho ni muhimu kwenu mnaonunua hisa za Marekani kwa simu. Soko la Nasdaq halitaki hisa iuzwe chini ya dola 1. Ikikaa chini ya hapo siku 30 za kazi mfululizo, kampuni hupewa onyo na muda, kwa kawaida siku 180, wa kujirekebisha. Njia ya mkato ni kuunganisha hisa. Bei inaruka juu ya dola, kampuni inabaki sokoni, kisha inauza hisa mpya ili ipate fedha za kuendesha mambo, na bei inaanza kuteremka tena. Ukikuta kampuni imeunganisha mara mbili au tatu ndani ya miaka michache, mimi nakaa mbali.

Nina hisa 137, kampuni inaunganisha kumi kuwa moja. Zile saba zitakwenda wapi? (Msomaji, Pangani)

Utapata 13, na saba zilizobaki ni sehemu ya hisa isiyofika nzima. Mara nyingi kampuni huilipa kwa fedha taslimu, nyingine huijazia ikawa hisa kamili. Waraka kwa wanahisa ndio unaosema, na waraka huo hutolewa kabla ya kupiga kura. Mwenye hisa tisa ndiye wa kuangalia zaidi: akilipwa fedha anatoka kabisa kwenye daftari la wanahisa, atake asitake. Na kama umeacha oda ya kuuza kwa bei ya zamani, ifute kabla ya siku yenyewe. Madalali wengi huzifuta, lakini usimwachie mtu.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anasema kuna mgawanyo unakuja, tununue leo kabla haujatangazwa. Tunatuma fedha kwake. (Msomaji, Barabara ya 12)

Msitume. Kama habari ni ya kweli na haijatangazwa, kuitumia ni kosa. Kama ni ya uongo, mnajua zinakokwenda fedha. Na hata ingekuwa kweli na halali, mngenunua noti ya elfu kumi mkisubiri ichenjiwe. Hisa hununuliwa kwa dalali mwenye leseni na zinaandikwa kwa jina lako, siyo la msimamizi wa kundi.