Swali la Lugha: "Kuangalia juu" ni kuangalia wapi?

*Mwalimu wetu wa kompyuta hapa Moshi ametugawia zoezi la kuchambua data. Limeandikwa: "Tumia fomula ya kuangalia juu ili kupata bei, kisha tengeneza jedwali la kuzunguka." Darasani tumebishana. Je, hicho ni Kiswahili sahihi?*

Hapana, na "kuangalia juu" ndiko kunakoniudhi zaidi. Mswahili akiambiwa aangalie juu, atainua macho atazame dari. Hilo neno "juu" limechukuliwa zima kutoka "look up" ya Kiingereza, na hata huko kwenyewe halioneshi upande wowote. Sisi kitenzi tunacho tangu zamani: neno hutafutwa kwenye kamusi, jina hutafutwa kwenye orodha. Isitoshe, fomula yenyewe ya Excel, VLOOKUP, haiendi juu hata kidogo. Ile V ni ya wima: kompyuta hushuka kwenye safu ya kwanza ya orodha, ikikipata kilichotajwa hugeukia kulia, na kurudi na kilichomo katika safu uliyoitaja.

Kwa hiyo kazi yake ni mbili, kutafuta na kuleta, na maelekezo ya zoezi yanapaswa kuzitaja zote. Tuseme karatasi ya kwanza ina mauzo ya masoko ya Mbuyuni na Kilombero, na msimbo wa kila bidhaa uko safu ya B. Karatasi ya pili, Bei, ina misimbo minne: 101 ndizi, 102 parachichi, 103 karoti, 105 vitunguu. Fomula ni hii:

```
=VLOOKUP(B2,Bei!$A$2:$C$5,3,FALSE)
```

Isome kwa Kiswahili: tafuta msimbo ulio B2 katika safu ya kwanza ya orodha ya bei, ukiupata, leta kilicho katika safu ya tatu ya mstari huohuo, yaani bei. Mwanafunzi aliyeandikiwa hivyo anajua pia kwa nini msimbo lazima ukae safu ya kwanza ya orodha. Aliyeambiwa "angalia juu" hajui lolote.

Imebaki FALSE, ambayo makaratasi mengi huiandika "uongo". Hapo hakuna anayedanganya mtu. Nafasi ya nne ya fomula inauliza: msimbo usipokuwepo, nichukue unaokaribia? Jibu ni hapana. Basi andikeni "hapana, nataka uleule", mwanafunzi aelewe anachokataa.

Akiiacha nafasi hiyo, kompyuta huhesabu kwamba amejibu ndiyo. Katika mauzo kuna mstari wenye msimbo 104, kilo 40, na 104 haimo katika orodha. Kompyuta itachukua msimbo mkubwa kuliko yote isiyozidi 104, yaani 103, na kuleta bei ya karoti. Ikiwa karoti ni shilingi 1,500 kwa kilo, zitaandikwa shilingi 60,000 za bidhaa ambayo haina bei, na hakuna alama yoyote itakayokuonya. Tena, kukaribia huko hudai orodha ipangwe kuanzia msimbo mdogo kwenda mkubwa. Ikivurugika, hata msimbo uliomo unaweza kuletewa bei isiyo yake. Ukiweka FALSE, utaona #N/A. Wanafunzi huiogopa alama hiyo, kumbe inasema kweli: nimetafuta, sikupata.

Sasa hilo "jedwali la kuzunguka", yaani "pivot table". Jedwali tulilipata kwa Waarabu, na pivoti ni neno la Kifaransa lililotufikia kwa Kiingereza, maana yake egemeo ambalo kitu hugeukia. Lakini anayeambiwa jedwali linazunguka atasubiri lizunguke. Mimi ningependa "jedwali la majumuisho", kwa sababu ndiyo kazi yake: kukusanya mistari ya kila bidhaa iwe mmoja. Hata hivyo ofisini kila mtu anasema pivoti na wote wanaelewana. Nimekubali, andikeni pivoti.

Nisilolikubali ni kuandika "jumla" kila mahali. Buruta Bidhaa kwenye Rows, Soko kwenye Columns, Thamani kwenye Values. Ndizi ziliuzwa mara tatu Mbuyuni: 18,000, 24,000 na 12,000. Jumla ni 54,000. Lakini ikiwa katika safu ya Thamani kuna seli moja tu yenye maandishi, mathalani mtu ameandika "bado", ukiiburuta pivoti haitajumlisha, itahesabu mistari, na kwenye ndizi utakuta 3. Hiyo 3 ni idadi. Zoezi likiita vyote "jumla", mwanafunzi ataiandika 3 kwenye jibu na kuendelea. Likisema "toa jumla ya thamani, si idadi ya mauzo", atasoma Count kwenye kichwa cha pivoti, atabadilisha iwe Sum, kisha atarudi kuitafuta ile "bado".