Kuondoa "eee" katika hotuba bila sauti kuruka

"Nimerekodi hotuba ya mzee wetu hapa Lamu. Nikikata 'eee' na vituo virefu, sauti inaruka. Nifanyeje?"

Salaam, ndugu yangu. Sikiliza kwanza kinachovuma nyuma ya maneno, kwani mara nyingi kinachoruka ni mvumo wa pangaboi au upepo wa baharini uliokatwa ghafla, wala si sauti ya mzee. Kituo cha sekunde 3 usikifute chote. Bakisha kama nusu sekunde, pamoja na pumzi inayotangulia neno lifuatalo, kisha vipishanishe vipande viwili kwa milisekunde 10 hadi 20, cha kwanza kikififia huku cha pili kikipanda. "Eee" iliyoshikamana na neno iache, maana utakata na irabu yake. Panapohitaji kituo, bandika kimya ulichonakili kutoka rekodi hiyohiyo, kwa kuwa kimya kitupu husikika kama shimo.