Choo cheusi, choo chekundu: damu imekaa tumboni muda gani?

Wewe uliyeanza kazi kwenye kituo cha afya kando ya Ziwa Albert au huku West Nile, wiki hizi za kwanza utasikia sana maneno haya: "Daktari, nachoo damu." Usiandike chochote kwanza. Muulize damu hiyo ina rangi gani, kwa sababu rangi ndiyo itakayokuambia damu ilianza safari wapi, na zaidi ya hapo itakuambia ilitumia muda gani njiani. Hili la muda ndilo wengi hulisahau.

Fikiria damu inayovuja kwenye umio, kwenye mfuko wa tumbo au kwenye duodeni, yaani ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Ikishuka inakutana na asidi ya tumbo. Asidi inaivunja himoglobini na kuigeuza kuwa hematini, ambayo ni ya kahawia iliyokoza. Vimeng'enya vinaendelea kuimeng'enya kama vinavyomeng'enya nyama, kisha bakteria wa utumbo mpana wanamalizia. Kinachotoka ni choo cheusi kinachong'aa, laini, kinachonata kama lami, chenye harufu kali ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Damu kidogo tu, mililita 50 hadi 100, inatosha kukifanya choo kuwa hivyo. Lakini inahitaji muda: kwa kawaida saa nane au zaidi ndani ya matumbo.

Damu inayotoka puruni au sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina muda huo. Hakuna asidi huko, na mlango uko karibu. Inatoka ikiwa nyekundu kama ilivyokuwa mshipani.

Mpaka ambao vitabu huutumia ni pale duodeni inapoishia na jejuni kuanza, kwenye kano ya Treitz. Juu ya hapo tunasema damu ya juu, chini ya hapo damu ya chini. Ni mpaka mzuri, ila usiuchukulie kama ukuta. Damu inayovuja polepole upande wa kulia wa utumbo mpana inaweza kukaa humo muda mrefu hadi itoke nyeusi au ya rangi ya zambarau iliyokoza. Na damu ya juu ikimwagika kwa wingi na kwa kasi, inapita matumbo yote kabla haijapata nafasi ya kugeuka, kwa sababu damu yenyewe huwa kama dawa ya kuharisha. Hapo inatoka nyekundu. Kati ya watu wanaotoa damu nyekundu nyingi hadi presha inashuka, karibu mmoja katika kila kumi, au zaidi kidogo, anavuja juu.

Kwa mazingira yetu, ugonjwa unaofundisha jambo hili vizuri kuliko wote ni kichocho cha matumbo, kwa sababu mdudu mmoja anatoa rangi zote mbili. Minyoo wakubwa wanaishi ndani ya mishipa midogo inayotoa damu kwenye matumbo. Jike hutaga mayai mengi kila siku. Mayai mengine hupenya ukuta wa utumbo mpana na wa puru ili yatoke na choo, na yakipenya yanaumiza. Huyo ndiye mgonjwa mwenye damu nyekundu kidogo iliyochanganyika na ute, anayeharisha mara kwa mara, na presha yake iko sawa.

Mayai mengine hayafiki kwenye choo. Yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama kwenye matawi madogo ya ule mshipa mkuu unaoleta damu kutoka matumbo, na kwa miaka mingi makovu yanajengeka kuizunguka hiyo mishipa. Damu inakosa njia. Presha inapanda nyuma ya ini, bandama linavimba, na damu inatafuta njia ya pembeni kupitia mishipa iliyo chini ya umio. Mishipa hiyo inatanuka na kuwa myembamba ukutani. Siku mmoja ukipasuka, mgonjwa anatapika damu au anatoa choo cheusi kama lami. Kwa hiyo mtu wa kijiji kile kile, aliyeoga ziwa lile lile, anaweza kukujia na nyekundu isiyo ya dharura au na nyeusi ya kumuua.

Sasa kuuliza. Watu wengi hutumia choo cha shimo, tena chenye giza au usiku, na hawajaona walichotoa. Mtu akikuambia "sijui rangi", anasema kweli. Muulize aliona nini kwenye karatasi au majani aliyojifutia, na kama choo kilinata. Mpe vitu vya kulinganisha: lami ya barabara, oili chafu ya injini, masizi ya sufuria, au damu ya kuku aliyechinjwa sasa hivi. Kwa damu nyekundu, uliza kama inadondoka baada ya choo kutoka na haina maumivu, maana hiyo inafanana na bawasiri. Kama inauma kama kukatwa na wembe, fikiria mpasuko wa njia ya haja. Ikiwa ni kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na ute na homa, fikiria kuhara damu. Na mtu mzima ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa na damu imechanganyika ndani ya choo chenyewe, usimpe jina la bawasiri hadi puru na utumbo vichunguzwe, kwa kuwa saratani huanza hivyo.

Kisha vaa glavu uingize kidole. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ndicho kinachorukwa zaidi. Paka ulichopata kwenye gozi nyeupe, safu nyembamba. Choo cha mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma huonekana cheusi, lakini kwenye safu nyembamba huwa na ukijani, hakinati, na hakina ile harufu. Makaa ya dawa, na dawa za tumbo zenye bismuthi, nazo hufanya choo kuwa cheusi. Uliza dawa zote, pamoja na za kienyeji, na usisahau diklofenaki na aspirini: watu hununua dukani kwa ajili ya mgongo, hawazihesabu kama dawa, na ndizo zinazochimba vidonda tumboni.

Tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Mvuvi wa miaka 36 kutoka upande wa Buliisa. Ana siku mbili za choo cheusi kinachonata, na leo asubuhi alipata kizunguzungu alipovuta nyavu. Mapigo ni 112 kwa dakika, presha 104 kwa 70, himoglobini 11.4. Anakaa kwenye benchi. Baada ya saa moja anaomba choo, na safari hii anatoa damu nyekundu iliyokoza yenye mabonge. Mapigo sasa ni 128, presha 84 kwa 50.

Makosa mawili yanakusubiri hapa. La kwanza ni kusema, "Nyekundu, basi ni ya chini, labda bawasiri." Bawasiri hazimpeleki mtu kwenye mapigo 128 baada ya siku mbili za choo cheusi. Rangi imebadilika kwa sababu kasi imebadilika: mahali panapovuja ni palepale pa juu, ila sasa damu haisubiri kugeuzwa. Ukiona nyeusi ikigeuka nyekundu na mapigo yanapanda, jua ugonjwa umezidi.

La pili ni kutulizwa na ile 11.4. Mtu anapovuja anapoteza damu nzima, maji na chembe pamoja, kwa hiyo kilichobaki kina uzito uleule. Himoglobini itashuka baadaye, mwili utakapovuta maji kujaza mishipa, na hilo huchukua siku moja hadi tatu. Mapigo yanasema mapema zaidi. Mtu mzima anaweza kupoteza hadi mililita 750 bila kuonyesha karibu chochote. Presha inaposhuka akiwa amelala, mara nyingi ameshapoteza zaidi ya lita moja na nusu.

Mkono wako ukipita chini ya mbavu za kushoto unakuta bandama, kubwa na gumu. Hapo umepata sababu ya kufikiria mishipa ya umio kabla ya vidonda. Mlaze, asile kitu, na akitapika mgeuze ubavu. Weka kanula mbili nene, za kijani au za kijivu, na utoe damu ya kupima kundi kupitia kanula hiyo hiyo kabla ya kuunganisha dripu. Mpe maji ya dripu mililita 500 haraka, pima tena, kisha uamue. Lengo ni mapigo yatulie na presha ya juu ifike kama 90 hadi 100, basi. Ukimjaza maji na damu hadi himoglobini irudi 12, presha ya nyuma ya ini nayo inapanda na mshipa unapasuka upya. Kwa mgonjwa wa aina hii damu huongezwa himoglobini ikishuka chini ya 7, na inatosha ikifika 7 hadi 8. Lakini anayemwaga damu mbele yako na presha imeanguka, usingoje namba. Kama okitreotidi ipo, anza. Piga simu hospitali ya rufaa ya Hoima wakati dripu ya kwanza inaingia, maana anahitaji kufungwa mishipa kwa endoskopi, na barabara ni ndefu. Kwenye barua andika saa ya kila choo na rangi yake. Prazikwanteli itaua minyoo baadaye. Haiwezi kuziba mshipa uliokwisha kutanuka.

Akirudi wodini kwako baada ya kufungwa mishipa, ataendelea kutoa choo cheusi siku mbili, tatu, hata zaidi. Ndugu zake watakuja mbio wakisema damu imerudi. Hiyo ni damu ya zamani inayomalizia safari. Angalia mapigo: yakiwa 80 na mgonjwa anaomba uji, choo hicho ni mabaki. Yakipanda tena juu ya 100, au choo kikianza kuwa chekundu, fungua dripu na urudie simu.