Seli ya akiba: inavuja chaji au la?

> Nina seli ya 18650 niliyonunua Luthuli. Nitajuaje kama inapoteza chaji ikiwa imekaa tu?

Ndugu, ichaji hadi 4.20V, itoe kwenye chaja, kisha iache siku nzima kabla ya kuandika chochote. Volti hushuka kidogo baada ya kuchaji kwa sababu seli inatulia, kwa hiyo mshuko huo usiuhesabu. Baada ya hapo pima mara moja kwa wiki, kwa mita ile ile yenye desimali tatu, saa ile ile ya asubuhi. Asubuhi za Nairobi joto la chumba halibadiliki sana, na hilo linasaidia.

Kinachosema ukweli ni mwendo wa namba. Tuseme umeanza na 4.172, kisha ukapata 4.168, 4.166, 4.165: mshuko unapungua, seli ni nzima. Ukipata 4.150, 4.128, 4.106, yaani milivolti 22 zinaondoka kila wiki bila kupungua, kuna uvujaji ndani. Hiyo usiiunganishe na nyingine kwenye pakiti, itaharibu uwiano wa zote.

Usifanye jaribio hili seli ikiwa karibu na 3.7V. Hapo chaji inaweza kupungua na volti isisogee sana.