Mfuniko Usiokwama: Ninavyouza Modeli za 3D

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, wanunuzi wanalalamika mfuniko wa modeli yangu hauingii, na nikichapa mwenyewe unaingia vizuri." Nimefurahi kuulizwa, maana kisanduku changu cha sindano na vifungo, chenye mfuniko wa kuteleza, ndicho kinachouzika kuliko kazi zangu zote.

Jibu ni mwanya, yaani nafasi unayoiacha kati ya mfuniko na mfereji unamopita. Kwenye kompyuta mfuniko wa milimita 60 unaingia kwenye mfereji wa milimita 60, lakini plastiki ya moto hutanuka kidogo inapomwagwa. Mimi sikuchapa kisanduku kizima kujaribu. Nilikata ncha yake ya milimita 15 tu, nikaichapa mara kadhaa kwa mianya tofauti, inayopimwa kila upande. Kwa pua ya mashine yenye tundu la milimita 0.4, mwanya wa 0.1 uligoma kabisa, wa 0.2 ulitaka nguvu, wa 0.3 uliteleza, wa 0.4 ukachezacheza. Nikachukua 0.3, kwa sababu mashine ya mnunuzi huenda haijarekebishwa vizuri kama yangu. Ukingo wa chini nao niliukata mshazari, kwani tabaka la kwanza hugandamizwa na kujitokeza pembeni, na hapo ndipo mifuniko mingi hukwamia.

Kuhusu faili, natoa aina mbili, STL na 3MF. STL hubeba pembetatu tupu, haina kipimo, kwa hiyo aliyechora kwa inchi atamwona mnunuzi akifungua kitu kilichopungua mara 25.4. 3MF huhifadhi kipimo. Aina ya STEP, ambayo mtu anaweza kuihariri kirahisi, siiuzi. Kabla ya kutangaza, nunua au pakua faili lako mwenyewe kutoka dukani, lichape kama mgeni, bila mipangilio yako.

Sasa leseni, na hapa bado naumia. Modeli yangu moja niliitoa bure kwa leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-NC: jina langu litajwe, na isitumike kibiashara. Duka moja likaichapa, likaiuza, likafuta jina. Niliwaandikia nikiambatanisha ukurasa wa leseni na tarehe niliyoipandisha, wakaiondoa, lakini pesa waliyokwisha kuipata sikuiona. Kama ningekuwa nimetumia CC BY tupu, wangekuwa na haki ya kuuza, ilimradi wanitaje. Na leseni za CC hazirudishwi nyuma: ukibadili mawazo kesho, aliyeipokea jana anabaki na haki zake.

Ndugu zangu, acheni kuandika "haki zote zimehifadhiwa" mkaishia hapo. Kwa faili la kuuza, mnunuzi aambiwe wazi: anachapa kwa matumizi yake na kuwapa zawadi watu wake, haruhusiwi kugawa faili wala kuuza vilivyochapwa. Anayetaka kuuza sokoni anunue leseni ya biashara kwa bei nyingine. Mimi huiandika ndani ya folda ya faili pia, si kwenye ukurasa wa duka pekee, kwa sababu faili husafiri na ukurasa hubaki.