Nafasi Ile Ilikuwa na Mwenyewe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Isevya, Tabora, alinitumia tangazo la kazi la shirika la umma na swali moja: "Kaka, hii niombe au imeshapangwa?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo ningejiuliza mimi mwenyewe zamani, nisingerudi Kigoma na begi moja.

Mimi niliomba "Mratibu wa Mahusiano ya Wadau, Kanda ya Magharibi". Nafasi moja, mkataba wa miaka miwili, "atawajibika moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mkuu". Nyumbani Mwanga nilimsomea mama mstari huo mara mbili, nikaona nimeula. Kumbe ndio uliobeba habari yote: kazi ile ilikuwa ya bosi, haikuwa ya shirika.

Mwezi wa kumi na nne, uteuzi wa bosi ukatenguliwa. Taarifa ilitoka jioni, na asubuhi yake jina langu halikuwepo kwenye orodha ya safari ya Kasulu niliyoiandaa mimi mwenyewe. Bosi mpya hakunigombeza hata siku moja. Alimuuliza tu afisa utumishi, "Cheo hiki kiko wapi kwenye muundo?" Hakikuwepo. Nikakaa miezi kumi mezani bila bajeti, nasoma magazeti, hadi mkataba ulipokwisha. Sikufukuzwa, ndugu zangu. Muda uliisha tu. Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe yake unajifunga wenyewe, na kama hakuna jambo la msingi lililokupa matumaini ya kuongezewa, huna pa kushika. Wale maafisa wa kawaida niliowaona hawana bahati ya kukaa karibu na bosi bado wapo pale mpaka leo. Inauma kidogo.

Kwa hiyo anza na cheo. Afisa Hesabu Daraja la II, Afisa Ugavi, Fundi Sanifu: hivi vimo kwenye muundo wa utumishi na vinahesabiwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, kwa hiyo mkurugenzi akiondoka kiti kinabaki. Mratibu, Mshauri, Msaidizi Maalum, hasa ikiwa nafasi moja na ya mkataba, uliza ni nani aliyeianzisha. Na usijidanganye kwamba miaka mitatu ni michache. TANESCO ilibadilishiwa mkurugenzi mkuu Septemba 2021, ikabadilishiwa tena Septemba 2023. Aliyesaini mkataba wa miaka mitatu Juni 2021 angefanya kazi chini ya wakuu watatu kabla haujaisha.

Sasa tangazo la yule dada. Lilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, Afisa Hesabu II, nafasi sita, masharti ya kudumu na pensheni, maombi kupitia Ajira Portal. Huko kuna usaili wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na kwenye karatasi simu ya mheshimiwa haina nguvu nyingi. Ya pili, Msimamizi wa Miradi, nafasi moja, mkataba, shahada ya uzamili ya fani nyembamba ajabu, uzoefu wa miaka saba "ndani ya shirika la umma la sekta hii", na siku sita tu za kuomba. Hilo koti limepimwa kwenye mwili wa mtu.

Lakini koti la kupimwa si lazima liwe la siasa. Mara nyingi ni la kaimu aliyekalia kiti muda mrefu, na shirika linataka kumthibitisha. Anaweza kuwa mchapakazi kabisa. Mkono wa kisiasa mimi nimeuona zaidi kwenye sifa zinazolegea: tangazo la cheo kikubwa linatoka, linafutwa, linarudi baada ya wiki chache, na "lazima" imegeuka kuwa "itakuwa sifa ya ziada". Ndiyo maana nasema hifadhi tangazo la kwanza kwenye simu, ulipange na la pili mstari kwa mstari. Hapo napo tulia. Kwa mikoa yetu, nafasi ya mhandisi inaweza kurudiwa kwa sababu waombaji wamekosekana tu. Tazama ni sifa gani iliyoshuka. Wakipunguza miaka ya uzoefu, huenda wanatafuta watu. Wakibadili fani yenyewe ili iingie nyingine isiyohusiana na kazi, yupo anayesubiriwa mlangoni.

Nilimwambia yule dada aulize jambo moja kwa mtu aliye ndani: je, kiti hicho kina kaimu, na kasomea nini? Jana usiku akajibu: "Kaimu yupo kaka, na shahada yake ndiyo hiyohiyo ya kwenye tangazo." Ameomba ya hesabu.